Tatu Si Jina la Ndizi

Skripti niliyopewa ilikuwa ya dakika tano, ya katuni ya watoto wa miaka minne na mitano, na mhusika wake mkuu alikuwa msichana aitwaye Tatu. Aliyeiandika, mwalimu mstaafu wa hisabati, aliona ni utani mzuri: Tatu anajifunza kuhesabu hadi tatu. Mtu mzima anatabasamu. Mtoto wa miaka minne akisikia "Tatu, leta ndizi tatu" hana namna ya kujua ni tatu ipi inayoitwa na ni tatu ipi inayohesabiwa. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumbadilisha binti yule jina. Akawa Chiku.

Kazi ya pili ilichukua wiki tatu. Nilitakiwa kuirahisisha lugha ya skripti na kulirudia somo lake mara nyingi zaidi, na nilidhani nitamaliza kwa siku mbili, kwa kutoa maneno magumu na kuweka mepesi. Nilikosea. Ugumu haukuwa kwenye maneno, ulikuwa kwenye lile ambalo mtoto alitakiwa kulielewa. Nilipolijua hilo ndipo nilipoanza kuona ni sentensi zipi zinamsaidia na zipi zinamsimamia njiani.

Mtoto wa miaka minne mara nyingi anaweza kutaja moja hadi kumi bila kukwama, na wazazi hufurahi, wakamwita mbele ya wageni ahesabu. Mwekee bakuli la kete za bao, kama 15 hivi, umwambie: "Nipe kete tatu." Wengi watachota kiganja kizima wakupe. Mwingine atahesabu vizuri kabisa zile zilizo mbele yake, moja, mbili, tatu, kisha ukimuuliza "Kete ngapi?" atarudi kuhesabu upya tangu mwanzo, kana kwamba swali ni amri ya kuhesabu. Hajui kwamba jibu ameshalitamka. Kwake "moja, mbili, tatu" ni kama wimbo wa kuruka kamba: una mpangilio wake, lakini neno la mwisho halina habari yoyote ndani yake.

Rochel Gelman na Randy Gallistel waliliandikia jambo hili kitabu mwaka 1978, wakaonyesha kwamba kuhesabu ni kanuni kadhaa zilizofungwa pamoja. Kila kitu kipate neno moja. Maneno yafuate mpangilio uleule. Na neno la mwisho ndilo linalosema vitu ni vingapi kwa pamoja. Miaka ya 1990 mwanasaikolojia Karen Wynn alitumia jaribio la "nipe" kama lile la bakuli la kete, akaona kwamba watoto hawapati kanuni ya mwisho kwa siku moja. Kwanza wanaelewa moja tu, na ukiwaomba zaidi ya hapo wanachota ovyo. Baada ya miezi wanaelewa mbili. Miezi mingine ipite, tatu. Halafu, kama mlango uliofunguka, wanaelewa namba zote wanazoweza kutaja.

Skripti yetu ilikuwa inafundisha kanuni hiyo ya mwisho, neno la mwisho, na mwalimu alijua hivyo. Alikuwa ameiandika wazi kabisa, kinywani mwa msimulizi:

"Ili kujua idadi ya vitu vilivyomo katika kundi, inatubidi tuvihesabu kimoja kimoja bila kurudia, na namba tunayoishia ndiyo inayotuonyesha jumla yake."

Ni sentensi sahihi. Ina maneno 21, na ukiisoma darasani kwa wanafunzi wa ualimu wataiandika daftarini. Kwa mtoto ni ukuta. Jicho la kwanza linakamata "idadi", "kundi" na "jumla", na kila mhariri angeyatoa hayo. Mimi niliyatoa, nikaweka "ngapi" na "zote", nikaisoma tena kwa sauti, na ukuta ulikuwa bado umesimama. Tazama "inayotuonyesha". Ndani ya neno hilo moja kuna kitenzi, wakati, anayetenda, anayetendewa na kirejeshi kinachorudi nyuma kutafuta namba iliyotajwa maneno kadhaa kabla. Mkubwa anayafungua hayo yote bila kuhisi. Mtoto anayejifunza lugha, na hasa yule anayesikia Kiswahili shuleni tu kwa sababu nyumbani wanasema Kisukuma au Kihaya, anayafungua pole pole, na akimaliza, msimulizi ameshafika mbali.

Kwa hiyo nilijiwekea mipaka ambayo haihusu urefu wa neno. Virejeshi vilitoka vyote. Zilitoka "hu-", "-ki-" na "-nge-". Zikabaki "-na-", "-me-" na "-ta-", kwa sababu mtoto anaona tendo linafanyika, limekwisha, au linakuja. Kila sentensi ikabeba tendo moja. Vilivyobaki vya "hiki" na "zile" nikavibadilisha kwa jina la kitu chenyewe, hata pale ambapo masikio ya mkubwa yalichoka kusikia ndizi, ndizi, ndizi. Ukanushaji nao ukatoka: badala ya kumwambia mtoto asihesabu kitu mara mbili, Chiku anaichukua kila ndizi anapoihesabu na kuitia kikapuni. Ndizi iliyo kikapuni haiwezi kuhesabiwa tena, na hakuna aliyelazimika kusema "bila kurudia".

Hapo ndipo nilipokutana na kikwazo ambacho sijakiona kikitajwa katika miongozo ya kigeni ya uandishi wa vipindi vya watoto, maana miongozo hiyo imeandikwa kwa lugha ambazo namba hazivai nguo.

Katika skripti ya kwanza Tatu alihesabu vikombe, kisha kuku, kisha maembe. Sikiliza mtoto alichokuwa anasikia. Kinywa kinahesabu "moja, mbili, tatu", halafu kinatangaza "vikombe vitatu". Kinahesabu tena "moja, mbili, tatu", kisha "kuku watatu". Mara ya tatu ni "maembe matatu". Somo zima la dakika tano linasema kwamba neno la mwisho la kuhesabu ndilo jibu, na kila mara jibu linakuja likiwa limebadilika sura. Na swali lenyewe linabadilika nalo: vingapi, wangapi, mangapi. Mwandishi aliamini amerudia wazo moja mara tatu. Sikioni mwa mtoto aliyataja majibu matatu tofauti ya maswali matatu tofauti.

Dawa yake ipo ndani ya Kiswahili chenyewe. Majina ya ngeli ya ndizi, sahani, kofia na chupa hayaiguzi namba. Ndizi mbili, ndizi tatu, ndizi nne, sahani tatu, kofia nne, na swali ni "ngapi" tu, bila kilemba. Neno linalotoka katika kuhesabu linaingia katika jibu likiwa vilevile. Nikavifukuza vikombe na maembe, nikawafukuza na kuku, maana kuku ingawa kwa umbo ni jamaa wa ndizi, ana uhai, na kwa uhai wake anadai "watatu". Hata samaki hakusalimika. Mtu mmoja pale studio aliniuliza kama nina ugomvi na wanyama.

Ugomvi ulikuwa na wageni. Hadithi ilihitaji wageni watatu, na wageni ni watu. Sikutaka neno "watatu" lisikike hata mara moja katika kipindi hicho. Suluhisho lilikuwa sahani: Bibi anatandika jamvi na kuweka sahani tatu kabla wageni hawajafika, na kila sahani itapata ndizi yake. Wageni wanaonekana, wanakaa, wanakula. Hakuna anayewahesabu.

Hilo la wageni linahusu jambo jingine ambalo lingeweza kuiharibu skripti hata kama kila neno lingekuwa jepesi. Shalom Fisch, mtafiti aliyefanya kazi na watengenezaji wa Sesame Street, aliandika mwaka 2000 kwamba mtoto anapotazama kipindi cha elimu akili yake inabeba mizigo miwili, hadithi na somo. Vikiwa mbalimbali vinagombania nafasi, na hadithi ndiyo inayoshinda. Katika skripti ya kwanza Tatu na tumbili wake walikimbizana bustanini, tumbili akaanguka kwenye matope, kisha wakasimama wakahesabu vikombe. Ukimuuliza mtoto amejifunza nini atakwambia tumbili ameanguka kwenye matope, na atakuwa amekwambia kweli. Somo lilikuwa tangazo lililochomekwa katikati ya mchezo.

Nikatafuta hadithi ambayo haiwezi kusonga mbele bila namba. Bibi anamwita Chiku: "Mjukuu wangu, niletee ndizi tatu." Chiku anaitika "Abee, bibi," anakwenda jikoni na rafiki yake Kima. Kima anagusa ndizi kwenye chane: moja, mbili, tatu. Kisha anaichomoa ile ya mwisho peke yake na kumkabidhi: "Hii hapa. Tatu!"

Naipenda sana sehemu hii, na sikuibuni kwa ajili ya kuchekesha. Ndilo kosa halisi la mtoto ambaye kanuni ya mwisho haijamwingia. Kama kila ndizi imepewa neno lake, basi ile ya mwisho inaitwa Tatu, kama vile dada yake anavyoitwa Asha. Chiku anapeleka ndizi moja jamvini. Sahani ya kwanza inapata, sahani mbili zinabaki tupu, na wageni wawili wanaangalia sahani zao. Hakuna msimulizi anayeeleza. Ndizi hazikutosha, na mtoto anayetazama analiona hilo kabla ya Chiku.

Kuonyesha kosa kuna hatari yake. Likikaa sana kwenye skrini, na likichekesha kuliko usahihi, ndilo linalokumbukwa. Nililipa sekunde 15, kisha Chiku anarudi jikoni na tendo sahihi linafuata papo hapo, jikoni palepale, ndizi zilezile. Hivi ndivyo lilivyoandikwa:

Picha: Chiku anachukua ndizi, anaitia kikapuni. "Moja."
Anatia nyingine. "Mbili."
Anatia nyingine. "Tatu."
Mkono wake unazunguka kikapu kizima, pole pole.
"Ndizi ngapi?"
Anatutazama. Kimya, sekunde tatu.
"Tatu! Ndizi tatu."

Yale maneno 21 ya msimulizi yamegeuka manane, na kazi iliyobaki imebebwa na mkono unaozunguka kikapu. Mkono huo ndio unaosema kwamba tatu ni zote, si ile ya mwisho. Kwenye karatasi unaonekana kitu kidogo, na mchoraji aliyezoea kuokoa muda aliufuta mara mbili kwa kuwa hakuona kazi yake. Mara ya tatu nikauandika kwa herufi kubwa.

Kidole nacho kilihitaji maelekezo. Majina ya namba zetu kuanzia moja hadi kumi yana silabi mbili kila moja: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne. Mtoto anayehesabu kwa kufuata mapigo ya sauti huweza kugusa kitu kimoja kwenye "mo" na kingine kwenye "ja", akamaliza ndizi kabla hajamaliza namba. Katuni yetu ilikuwa ya picha 25 kwa sekunde, na kidole kikitangulia neno kwa nusu sekunde hiyo ni picha 12 za uongo. Tukakubaliana kwamba mguso uanguke kwenye silabi ya kwanza na mkono ubaki kwenye ndizi hadi neno liishe, kisha uende kwenye nyingine. Ndiyo sababu Chiku anazibeba ndizi hadi kikapuni: kubeba kunachukua muda, na muda huo unalimaliza neno.

Nikaanza sasa kufikiria kurudia. Tumekulia katika lugha ambayo ngano zake zina wimbo unaorudi kila mhusika anapofika mtoni, na msikilizaji aliyekaa kimya mara ya kwanza anaimba mara ya tatu. Watengenezaji wa vipindi wamelijaribu jambo hilohilo kwa njia yao. Kipindi cha Marekani cha Blue's Clues, kilichoanza 1996, kilirushwa hewani kwa namna iliyowashangaza watu wa televisheni: sehemu ileile moja, siku tano mfululizo. Watafiti walioketi na watoto waliona kwamba hawakuchoka kama ilivyohofiwa. Uelewa uliongezeka, na kadiri siku zilivyopita watoto wakawa wanajibu kwa sauti na kuinuka kuonyesha kwa vidole. Mwaka 2011 Jessica Horst na wenzake wawili walichapisha utafiti wa watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi zenye maneno mapya. Waliosikia hadithi zilezile tena na tena waliyashika maneno hayo vizuri kuliko waliosikia maneno hayohayo, kwa idadi ileile ya mara, katika hadithi tofauti tofauti.

Lakini kurudia kitu gani? Mhariri akiambiwa arudie, mara nyingi hunakili. Anachukua "Ndizi tatu!" na kuiweka mara nane, kila mara na picha ileile, na mwisho wa kipindi mtoto ameunganisha sauti "tatu" na picha ya ndizi za manjano kikapuni. Nilipata somo hili kwa aibu. Rasimu yangu ya pili ilikuwa na tatu peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipoisoma mbele ya watoto huku nikiwaonyesha michoro, msichana mmoja alipaza sauti "Tatu!" kabla Chiku hajaanza kuhesabu, na akapatia. Akapatia tena. Nikageuza mchoro ambao haukuwa wa hadithi, wenye ndizi tano, nikauliza ngapi. "Tatu!" Alikuwa amejifunza kwamba katika mchezo huu, ukiulizwa, unasema tatu.

Rasimu ya tatu ikatenganisha kinachokaa na kinachohama. Kinachokaa ni mwendo: kuhesabu, mkono kuzunguka, kuuliza, kunyamaza, kujibu. Maneno ya mwendo huo hayabadiliki hata kidogo, na mtia sauti aliombwa asibadilishe hata lafudhi ya swali. Kinachohama ni vitu, namba na jinsi vilivyopangwa. Kipindi kinaanza na chupa mbili za maji, kwa sababu mbili iko karibu na kile ambacho wengi wanakijua tayari. Kisha Kima na kosa lake, kisha ndizi tatu kikapuni. Chiku anapofika jamvini anaziweka ndizi kwenye sahani, mbalimbali, na kuzihesabu tena: bado tatu, ingawa sasa zimetawanyika. Baadaye jua linawaka na Bibi anatoa kofia nne, moja ya kila mgeni na moja yake. Mwisho kabisa kuna ngoma mbili, Chiku anahesabu, mkono unazunguka, anauliza "Ngoma ngapi?" na hajibu. Skrini inatulia kwa sekunde nne, kisha Kima anapiga ngoma mara mbili.

Namba ya mwisho ni mbili, ndogo kuliko nne iliyotangulia. Hilo nililifanya makusudi. Kama kila raundi ingepanda, mbili, tatu, nne, mtoto angeweza kubahatisha "tano" kwa kufuata ngazi.

Ule ukimya ulipiganiwa kuliko neno lolote. Katika studio ukimya unaonekana kama kasoro, na mhariri wa picha mkono wake unawasha kutaka kuukata. Sekunde tatu ni ndefu sana ukiwa umevaa vipokea sauti, na kwa mtoto ndio muda wa kulisikia swali, kulitafuta neno na kulitoa. Jibu la Chiku likija baada ya sekunde moja, anayejibu daima ni Chiku, na mtoto anabaki mtazamaji.

Ili kupata nafasi ya ukimya, maneno yalibidi yapungue. Skripti ya kwanza ilikuwa na maneno 600 na ushee kwa dakika tano. Yangu ya mwisho haikufika 300. Mwalimu aliyeiandika alipoziona kurasa mbili na nusu aliniuliza, kwa heshima lakini kwa uchungu, hesabu imekwenda wapi. Tulikaa tukaitazama pamoja. Alitaka sentensi moja ya kanuni ibaki, japo mwishoni, "kwa ajili ya wazazi." Nilikataa, na sina hakika kama nilikataa kwa upole wa kutosha. Sentensi ya wazazi kinywani mwa Chiku ingemfundisha mtoto jambo moja tu, kwamba Chiku naye wakati mwingine husema vitu visivyoeleweka.

Yote haya yalifanyika kabla sauti hazijarekodiwa, na lazima iwe hivyo. Katika katuni sauti hurekodiwa kwanza, kisha midomo na mikono huchorwa kufuata sauti. Ukibadilisha "vitatu" kuwa "tatu" kwenye karatasi, unapoteza wino. Ukibadilisha baada ya kurekodi, unamwita tena mtia sauti. Ukibadilisha baada ya kuchorwa, kuna mtu anachora upya mdomo, kidole na kikapu, picha kwa picha. Hivyo jaribio la watoto lilifanyika kwa michoro ya karatasi na sauti yangu mwenyewe mbovu, na lilitosha kutuonyesha makosa makubwa.

Kuwajaribu watoto kuna mtego wake katika nchi zetu. Ukiwauliza "Mmeelewa?" watajibu kwa pamoja "Ndiyooo!" na wataendelea kujibu hivyo hata ukiwa umesoma gazeti la serikali. Macho nayo hayatoshi. Edward Palmer, aliyeongoza utafiti wa Sesame Street kabla haijaanza 1969, aliweka kando ya televisheni mashine ya slaidi iliyobadilisha picha kila baada ya sekunde saba na nusu, akahesabu ni lini mtoto anaiacha televisheni na kuitazama slaidi. Ni njia nzuri ya kujua wapi kipindi kinachosha. Sisi badala ya slaidi tulikuwa na dirisha lililotazama barabara ya bodaboda, na nikaweka alama kwenye skripti kila vichwa vilipogeuka. Viligeuka pale msimulizi alipozungumza, kila mara, mpaka msimulizi akafutwa kabisa. Lakini mtoto aliyekodoa macho muda wote anaweza kuwa anatazama mkia wa Kima.

Kwa hiyo tulirudi kwenye bakuli la kete. Kabla ya hadithi, kila mtoto peke yake, pembeni, mbali na wenzake wasiweze kumnong'oneza: nipe kete mbili, nipe kete tatu, nipe kete nne. Baada ya hadithi, vilevile. Na baada ya wiki, baada ya kuisikia tena siku nne, vilevile. Sitatoa asilimia hapa, watoto walikuwa 11 tu na 11 si utafiti. Nitasema nilichokiona. Waliokuwa hawajui zaidi ya moja hawakufika tatu. Wawili kati yao walifika mbili. Waliokuwa wanajua mbili ndio waliosogea zaidi, na wote walikuwa na jambo moja jipya: wakimaliza kuhesabu walizungusha mkono juu ya kete, kama Chiku, ndipo wakatamka.

Katuni nzuri zinaweza kusogeza zaidi ya hapo. Utafiti uliofanyika Morogoro na kuchapishwa 2018 uliwalinganisha watoto wa madarasa ya awali waliotazama Akili and Me, kipindi kinachotengenezwa Dar es Salaam na Ubongo, na wenzao waliotazama katuni nyingine, na wale wa Akili walifanya vizuri zaidi katika mambo kadhaa, kutambua namba na kuhesabu yakiwemo. Hao walitazama kwa wiki kadhaa, si dakika tano. Ile miezi ya Karen Wynn, kutoka moja hadi mbili, kutoka mbili hadi tatu, haifutwi na skripti yoyote, na mteja anayetaka iandikwe kwenye jalada kwamba mtoto "atajua kuhesabu baada ya kutazama" nimemwomba aandike kitu kingine.

Siku ya mwisho ya jaribio alibaki mvulana mmoja, wa nyumba ambayo Kiswahili husemwa na redio tu. Nikamwomba kete tatu. Akazitia kiganjani mwangu moja moja, akazungusha mkono, akasema, "Tatu. Kete tatu." Mezani kulikuwa na vikombe vya chai vya watu wa studio, sita au saba. Bila kufikiri nikamwambia, "Haya, sasa nipe vikombe vitatu."

Akavitazama vikombe, akanitazama mimi.

"Vitatu ni ngapi?"